P/E ya 4 niliyonunua kumbe ilikuwa 16

"Wakuu nina swali. Kuna kampuni mbili soko la hisa la Dar es Salaam, DSE, naziangalia, biashara zao zinafanana. Moja P/E yake 4, nyingine 13. Si bora nichukue hiyo ya 4 maana ni bei chee? Au kuna kitu sikioni?"

Mkuu, kabla hujampigia broka ngoja nikupe yaliyonikuta, maana swali lako ndo lilelile nililojiuliza mimi, tofauti ni kwamba sikumuuliza mtu.

Kwanza tuweke msingi. P/E ni bei ya hisa gawanya kwa faida ya hisa moja, ile inayoandikwa EPS. Bei ikiwa 640 na EPS 160 unapata 4, yaani kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka unalipa shilingi nne. Wengi tunaisoma kama miaka, kwamba ndani ya miaka minne faida ya kampuni imefidia bei niliyolipa. Usomaji huo haujakosewa ila una sharti moja kubwa ndani yake, faida hiyo ijirudie mwaka kesho na keshokutwa na mtondo. Isipojirudia hiyo 4 haina maana yoyote. Kwa hiyo ukiona P/E ndogo usianze na bei, anza na hiyo faida, imetoka wapi?

Sasa kisa changu. Kampuni siitaji jina, hisa zake zilikuwa milioni 60, bei 640. Ripoti ya mwaka ikatoka, faida baada ya kodi bilioni 9.6, ukigawanya ndo hiyo EPS ya 160. Mwaka wa nyuma yake EPS ilikuwa 43. Mimi nikaona kampuni imekua karibu mara nne na soko limelala, nikachukua hisa 3,000, milioni moja na laki tisa na ishirini elfu, bila ada za broka. Nilisoma ukurasa mmoja tu, ule wa gazetini wenye muhtasari wa hesabu, na ndo kosa lilipokuwa.

Ile kampuni ina jengo la kupangisha katikati ya jiji. Mwaka ule wakaleta mthamini, akasema jengo limepanda thamani kwa bilioni 10.3. Kwa kanuni za hesabu zinazotumika (zilezile za kimataifa ambazo kampuni zote za DSE zinafuata), jengo la kupangisha ambalo kampuni imechagua kulihesabu kwa bei ya soko, ongezeko lake linapita kwenye faida ya mwaka. Angalia hapo vizuri, kama lingekuwa jengo wanalokaa wenyewe, ofisi au kiwanda, ongezeko lisingeingia kwenye faida, lingeenda moja kwa moja kwenye mtaji wa wenye hisa. Ila la kupangisha linaingia. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, mkaguzi amesaini na yuko sahihi kabisa. Lakini hakuna senti iliyoingia benki, mpangaji analipa kodi ileile ya pango na jengo liko palepale, kilichobadilika ni karatasi ya mthamini.

Toa asilimia 30 ya kodi (haikulipwa taslimu, inawekwa pembeni kama deni la kodi la baadaye) inabaki kama bilioni 7.2. Sasa kwenye ile 9.6 toa 7.2, imebaki 2.4. Gawanya kwa hisa milioni 60 unapata EPS ya 40. Bei 640 gawanya kwa 40 ni 16. Kwa hiyo mimi niliyeamini nanunua kwa P/E ya 4 nilinunua kwa 16, na biashara yenyewe ilikuwa imeshuka kutoka 43 kwenda 40. Yaani niliona ukuaji mahali ambapo kulikuwa na kushuka.

Mwaka uliofuata jengo halikupanda tena la maana, EPS ikatoka 34. Watu wakaanza kuuza, bei ikaenda mpaka 420. Na hapa kuna jambo ningependa ulishike, 420 gawanya kwa 34 ni kama 12.4. Hisa imeshuka theluthi nzima ya bei halafu P/E kwenye skrini imepanda kutoka 4 kwenda 12. Mtu anayeangalia namba peke yake atakwambia imekuwa ghali zaidi. Mimi nilikuwa nimepoteza laki sita na sitini elfu, na kuuza nako haikuwa siku moja, kwenye oda za wanunuzi unakuta mtu anataka hisa 200, mwingine 150, nikauza vipande vipande karibu wiki sita. Hela ile ilikuwa ya ada ya mtoto ya muhula wa pili, niliumia sana.

Ningeijuaje mapema? Ishara zilikuwepo mbili na zote ziko wazi.

Ya kwanza ni gawio. EPS 160 halafu bodi imetangaza gawio la shilingi 15. Niliona, nikajiambia wanabakisha hela wakuze biashara. Lakini linganisha 15 na 160, hawajatoa hata sehemu ya kumi. Linganisha 15 na 40, hapo unaona ni zaidi ya theluthi, ambayo ndo walikuwa wanatoa miaka yote. Bodi walikuwa wanajua faida yao halisi ni ipi, gawio linalipwa kwa hela iliyopo benki, huwezi kumlipa mwenye hisa kwa karatasi ya mthamini. Faida ikiruka na gawio likabaki palepale, simama hapo uulize.

Ya pili ni taarifa ya mtiririko wa fedha. Watu wengi hawaifungui kwa sababu inaonekana ngumu, ila kwa kazi hii ni mistari michache ya juu tu. Kwa kampuni nyingi inaanza na faida kabla ya kodi, halafu chini yake wanarekebisha vitu visivyo vya fedha taslimu au visivyo vya biashara ya kila siku. Uchakavu unarudishwa juu, na faida za uthamini au za kuuza mali zinatolewa, zimewekwa kwenye mabano. Mimi ningefungua ukurasa huo ningekuta (10.3) imekaa pale peke yake, kubwa kuliko mistari yote. Ripoti nyingi zetu ni za Kiingereza kwa hiyo ukishapakua faili tafuta maneno haya mawili: "fair value gain" na "gain on disposal". La kwanza ni kama hili langu. La pili ni kampuni imeuza kiwanja, godauni au tawi, hapo hela kweli imeingia lakini kiwanja hakiuzwi mara mbili. Ukikuta namba kubwa, nenda kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu usome imetokana na nini, halafu itoe pamoja na kodi yake ugawanye upya. Kule soko la Johannesburg kampuni zinalazimika kuchapisha na EPS ya pili iliyosafishwa mambo ya aina hii, huku mimi naisafisha mwenyewe na kalkuleta ya simu, dakika kumi hazifiki.

Kuna kitu kingine kinachofanya P/E ionekane ndogo, na hiki hakihusu jengo wala mthamini. Ni EPS ya zamani. Bei unayoiona ni ya leo ila faida waliyogawanyia mara nyingi ni ya ripoti ya mwaka uliopita, na aplikesheni au mtandao unaotumia hauwezi kukwambia kwamba miezi sita ya karibuni mambo yamebadilika. Fanya hivi: chukua EPS ya mwaka mzima uliopita, toa ya nusu mwaka ya kwanza ya mwaka huo, jumlisha ya nusu mwaka ya mwaka huu. Mfano mwaka jana mzima 120, nusu ya kwanza ya mwaka jana 70, nusu ya kwanza mwaka huu 30. Ni 120 toa 70 jumlisha 30, unapata 80. Kama bei ni 600, skrini inakwambia P/E 5 kumbe kwa miezi 12 ya karibuni ni 7.5, na mwelekeo ni wa kushuka. Kwa benki ni rahisi zaidi maana zinatoa hesabu kila robo mwaka.

Na bei yenyewe iangalie tarehe. Kuna hisa pale DSE zinaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja, bei unayoiona ni ya mara ya mwisho watu wawili walipokubaliana, pengine kabla ya habari mbaya kutoka. Ukiweka oda ndo utajua bei ya leo.

Sisemi P/E ndogo ni mbaya mkuu, nisieleweke vibaya. Baada ya ile hasara nilinunua nyingine kwa P/E ya 5 na ninayo mpaka leo. Tofauti ni kwamba hii niliandika EPS zake za miaka mitano kwenye daftari, zote zilikuwa zinakaribiana, hakuna mwaka ulioruka peke yake, gawio linatembea na faida, na hela inayotoka kwenye biashara kwenye mtiririko wa fedha ilikuwa inalingana na faida au kuzidi. Bei yake ilikuwa rahisi kwa sababu ni kampuni isiyoongelewa na hisa zake hazizunguki sana, basi. Miaka mitano ni muhimu hasa kama biashara inapanda na kushuka na bei ya dunia au na ujenzi, maana kampuni za hivyo P/E yao inakuwa ndogo kabisa pale faida iko kileleni, kwa hiyo ukigawanya tumia wastani wa miaka, usitumie mwaka mmoja mzuri.

Kuhusu hizo mbili zako, ile ya 13 usiitupe bado, inawezekana ndo rahisi kuliko ya 4. Chukua ripoti za zote mbili, weka hapa EPS za miaka mitano na gawio la kila mwaka, na mistari kumi ya juu ya mtiririko wa fedha ya mwaka wa mwisho. Nitapitia jioni nikitoka kazini.