Miaka minne ya kujaza viashiria, natokaje hapo?

"Mi ni ofisa ufuatiliaji na tathmini, mwaka wa nne huu. Kazi yangu ni kukusanya fomu, kujaza jedwali la viashiria na kutuma ripoti ya robo mwaka. Nataka hii iwe fani yangu ya kudumu, nifike kwenye tathmini na utafiti. Nianzie wapi?"

Ndugu, anzia kwenye takwimu za mwanzo, zile zinazokusanywa kabla mradi haujagusa mtu, maana wengi wetu tunaletwa zikishakusanywa na hapo tathmini imeshaharibika, huwezi kurudi nyuma ukazichukue tena.

Chukua mradi wa mbegu bora. Mwanzoni kaya 30 kwa 100 zinatumia, mwishoni 54. Jedwali lako litaandika ongezeko la 24 na bosi atafurahi. Sasa tuseme ulipima pia vijiji jirani visivyo na mradi, vikatoka 28 hadi 45, yaani 17 bila msaada wa mtu, labda mvua ilikuwa nzuri au maduka ya mbegu yameongezeka. 24 toa 17, mradi unabaki na 7. Hiyo 7 ndo mtu wa tathmini anaitafuta, na bila kupima majirani mwanzoni huipati kabisa.

Ila hata hiyo 7 usiiamini haraka. Inasimama tu kama bila mradi makundi yote mawili yangeenda mwendo mmoja, kwa hiyo tafuta data za miaka ya nyuma uone kama yalikuwa yanapanda sambamba. Kama wakulima wa mradi waliwagawia majirani mbegu, 7 imepungua kuliko ukweli. Halafu kuna kosa nililolifanya mwenyewe, nilihoji kaya 400 kutoka vijiji 8 nikadhani nina sampuli kubwa, kumbe watu wa kijiji kimoja wanafanana, soko lao moja, bwana shamba wao mmoja, kwa hiyo 400 zile zilikuwa na uzito wa kaya chache sana na matokeo yangu hayakuweza kutofautishwa na sifuri. Bora vijiji 40, kaya 10 kila kimoja. Usafiri utakula bajeti, ni kweli, lakini pigania hapo kuliko kuongeza maswali kwenye dodoso.

Kwenye Stata, programu ya takwimu, hesabu yenyewe ni mstari mmoja, mbegu ikiwa 100 kwa kaya inayotumia na 0 kwa isiyotumia, kundi 1 kwa vijiji vya mradi na 0 kwa majirani, duru 0 mwanzoni na 1 mwishoni:

```
reg mbegu i.kundi##i.duru, vce(cluster kijiji)
```

Namba ya kundi na duru kwa pamoja ndo 7 yako, na hiyo `cluster` inazingatia kufanana kwa wanakijiji, ingawa ukiwa na vijiji 8 tu bado itakuonyesha uhakika usiokuwepo.

Kwa hiyo mradi ujao unapoandikwa omba kukaa na wanaopanga sampuli, hata kama ni kuandaa orodha ya vijiji tu. Na data za miradi iliyoisha zimelala kwenye kompyuta za ofisi, omba ruhusa, ondoa majina ya watu, rudia hesabu zote mwenyewe uone kama ripoti iliyotumwa inasimama. Mi nilijifunzia hapo zaidi ya darasani, na kwenye usaili wa kazi ya tathmini nilichoulizwa zaidi ni hicho hicho, namba hii umeipataje na ungejuaje kama si kweli.