QTc 487 kabla ya haloperidoli

"Mgonjwa mpya, hajala siku kadhaa, mapigo 110. Mashine inaonyesha QT 360, QTc 487. Tumwanzishie haloperidoli?"

Ndugu, mashine nyingi hutumia kanuni ya Bazett, na moyo ukienda mbio kanuni hiyo hukuza QTc. Kwa mapigo kama hayo mimi naiamini zaidi kanuni ya Fridericia:

```
RR = 60 / 110 = 0.545
QTc = 360 / ∛0.545 = 441
```

Kwa hiyo 441, si 487. Akitulia, rudieni EKG.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo njaa. Potasiamu au magnesiamu ikishuka, QT hurefuka, na dawa huongeza juu yake. Mwambieni daktari apime na kurekebisha kabla ya dozi, hasa ya mshipani. Ulizeni pia kama anameza erithromaisini, flukonazoli au metadoni.

Hifadhini EKG ya kwanza kwenye faili, kwani ya baadaye italinganishwa nayo, dozi ikipanda pia. QTc ikipita 500, au ikiongezeka zaidi ya 60 kutoka ile ya kwanza, zuieni dozi inayofuata na mwiteni daktari. Akizimia au moyo ukimpapatika, msimhesabie kuwa ni wasiwasi tu: pimeni EKG papo hapo.