Ufunguo wa siri wa seva ukiibwa mwakani, nenosiri ulilotuma leo linasomeka?

> Wakuu, nakaa hosteli hapa Wandegeya na waifai yetu ni ya kila mtu. Nasoma kwamba HTTPS ina ufunguo wa umma na ufunguo wa siri. Sasa mtu akirekodi kila ninachotuma leo, halafu mwakani aupate ufunguo wa siri wa ile seva, ataweza kusoma nenosiri langu?

Ndugu, kwa tovuti nyingi za leo hataweza. Kwa baadhi ataweza, na unaweza kuzitambua mwenyewe kwa amri moja ya kompyuta.

Kwanza, nenosiri lako halifungwi kwa ufunguo wa umma wa seva. Ufunguo wa RSA, aina iliyozoeleka ya funguo za umma na siri, wenye biti 2048 hauwezi kufunga zaidi ya baiti 245 kwa mara moja, ukitumia mtindo wake wa zamani wa kujaza nafasi, na kila unapofungua upande wa seva hesabu yake ni nzito. Picha moja tu ya simu ingelazimika kukatwa vipande maelfu. Kazi ya kufunga data yenyewe mara nyingi hufanywa na mbinu iitwayo AES, ambayo hutumia ufunguo mmoja kwa pande zote mbili: unaofunga ndio unaofungua. Ni nyepesi, na vichakataji vingi vya sasa vina maagizo maalumu ya kuifanya, kwa hiyo hata video inapita bila wewe kuhisi chochote.

Shida ya AES ni moja. Brauza yako na seva hazijawahi kukutana, na njia pekee iliyopo kati yao ni hiyo waifai anayoisikiliza jirani. Zitapataje ufunguo mmoja bila yeye kuupata? Hapo ndipo funguo za jozi zinapoingia, na jibu la swali lako linategemea zimeingia kwa njia ipi kati ya mbili.

Njia ya zamani ilikuwa hivi: brauza inabuni siri ya baiti 48, inaifunga kwa ufunguo wa umma ulio kwenye cheti cha seva, yaani hati inayoitambulisha, inaituma. Seva inaifungua kwa ufunguo wake wa siri, kisha pande zote zinatengeneza funguo za AES kutokana na siri hiyo. Inaonekana safi, lakini ile siri imepita hewani, imefungwa kwa ufunguo ambao utaendelea kuwepo kwa miaka. Aliyerekodi anaweza kusubiri.

Hili nimelijaribu kwa mikono yangu. Nasimamia seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kampala, na kabla ya kuibadilisha niliomba ruhusa nirekodi mawasiliano yangu mwenyewe kwa Wireshark, programu ya kunasa na kusoma data ya mtandao. Niliingia kwa akaunti ya majaribio, nikahifadhi rekodi, kisha nikaipa Wireshark ufunguo wa siri wa seva. Mistari iliyokuwa takataka tupu ikageuka kuwa kurasa, na nenosiri la majaribio likawa pale kwa herufi zake zote. Nikazima njia ya zamani kwenye seva, nikarekodi upya, nikaweka ufunguo uleule. Safari hii hakikufunguka kitu.

Tofauti ni kwamba kwenye njia mpya ufunguo wa AES haupiti hewani kabisa, hata ukiwa umefungwa. Mbinu hiyo ilichapishwa na Diffie na Hellman mwaka 1976. Tuifanye kwa namba ndogo. Pande zote zinakubaliana hadharani namba 29 na 2. Brauza inachagua siri yake, 7, inazidisha 2 kwa yenyewe mara 7 na kupata 128, inagawanya kwa 29 na kutuma baki: 12. Seva imechagua siri yake, 11. Inapata 2048, inagawanya kwa 29 na kutuma baki: 18. Jirani yako ameona 29, 2, 12 na 18. Sasa brauza inachukua 18, inaipandisha kwa kipeo cha 7, inagawanya kwa 29, baki ni 17. Seva inachukua 12, inaipandisha kwa kipeo cha 11, inagawanya kwa 29, baki ni 17. Wote wana 17, na 17 haikutumwa popote.

Kwa namba hizi jirani angejaribu zote na kupata siri kabla chai haijapoa. Kwenye tovuti halisi mara nyingi hutumika X25519, ambayo inafanya jambo hilohilo juu ya mkunjo wa kihesabu, siri ikiwa na baiti 32, na hakuna anayejaribu zote. Mazungumzo yakiisha, zile siri za muda hufutwa pande zote. Mwizi wa mwakani ataikuta seva haina tena cha kumpa.

Ufunguo wa siri wa cheti basi unabaki na kazi gani? Kutia saini. Mtu aliyekaa katikati ya waifai angeweza kupatana na wewe namba yake, na kupatana na seva namba nyingine, akasoma kila kitu akipitisha. Ili kumzuia, seva inatia saini mapatano ya mwanzo, ikiwemo namba iliyoituma, na brauza inaihakiki kwa ufunguo wa umma ulio kwenye cheti. Kwa hiyo ufunguo ukiibwa, kuanzia siku hiyo mwizi anaweza kujifanya seva mpaka cheti kibatilishwe au kiishe muda wake. Ya nyuma hayafunguki.

Kanuni inayofanya ulinzi wote huu ndani ya HTTPS inaitwa TLS. TLS 1.3, iliyotoka mwaka 2018, iliiondoa kabisa njia ya zamani. TLS 1.2 inaruhusu zote mbili, na hapo ndipo pa kuchunguza. Weka jina la tovuti unayotumia:

```
openssl s_client -connect tovuti.ug:443 -tls1_2 -cipher kRSA </dev/null
```

Amri hii inaiambia seva kwamba unajua njia ya zamani tu. Ikikataa, utaona `handshake failure` na `Cipher is (NONE)`. Hiyo ni habari njema. Ikikubali, utaona jina kama `AES128-GCM-SHA256` lisilo na `ECDHE`, alama ya njia mpya, mbele yake. Haina maana kwamba brauza yako inaitumia, kwa sababu brauza ya kisasa huanza kuomba njia mpya. Ila simu kuukuu au programu iliyoachwa bila kusasishwa inaweza kuangukia huko.

Kuna tundu moja ambalo amri hiyo haionyeshi, nami naliona ndilo linalosahaulika zaidi. Ili usirudie mapatano kila unaporudi, seva ya TLS 1.2 hukupa tiketi yenye siri ya mazungumzo ndani yake, imefungwa kwa ufunguo mmoja wa tiketi, na tiketi hiyo hupita hewani. Msimamizi akiuweka ufunguo huo kwenye faili, kama inavyofanyika kwa `ssl_session_ticket_key` ya nginx, programu ya kuendeshea seva za tovuti, pale seva kadhaa zinapogawana kazi, kisha asiubadilishe mwaka mzima, aliyerekodi akilipata faili hilo atafungua yote, `ECDHE` ikiwepo au isiwepo. Kwa seva ya chama nilizima tiketi kwa `ssl_session_tickets off;`, kwa sababu wanachama hawazidi uwezo wa mashine moja na mapatano mapya hayailemei.