Gari dogo la kuzungukia Dar: pima mlango na kona kabla ya urefu

Mtu akiniambia anatafuta gari dogo la kuzungukia mjini Dar, swali langu la kwanza huwa ni hili: ukishapaki, nani anashuka, na anashukia upande gani? Wengi huanza na urefu, kwamba Passo ni fupi kuliko IST, basi Passo itaingia popote. Urefu una kazi yake na nitaufikia. Ila kwa miaka niliyoendesha kati ya Tabata na Kariakoo, shida kubwa imekuwa ubavuni.

Magari mengi madogo tunayonunua ni yaliyotumika Japani, na kule sheria inayagawa magari ya abiria kwa vipimo. Gari likizidi upana wa mita 1.70 au urefu wa mita 4.70 linahamia kundi la magari makubwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji walijibana chini ya mstari huo. Vitz iliyoanza kutoka 2005 ina upana wa sentimita 169.5. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, nayo ni 169.5. Raum ya pili, ile iliyoanza 2003, ni 169, na Passo ya kwanza ni 166.5. Kati ya Passo na IST unaokoa sentimita 3 tu, yaani sentimita moja na nusu kila ubavu.

Tuziweke hizo sentimita kwenye paking. Chukua nafasi zilizochorwa kwa upana wa mita 2.40, na jirani yako ni Prado yenye upana wa kama sentimita 188. Kila mmoja akiwa katikati ya nafasi yake, kati ya ubavu wa IST na ubavu wa Prado inabaki sentimita 61. Ukiwa na Passo inabaki 62 na nusu. Mtu mzima wa mwili wa kawaida anahitaji kama sentimita 55 ili afungue mlango na ajipenyeze bila kuugonga kwa jirani, kwa hiyo wote wawili mnashuka salama. Prado ikisogea kwako sentimita 15, jambo la kila siku mjini, wote wawili mnakwama. Udogo wa Passo haujakusaidia chochote hapo.

Kinachosaidia ni aina ya mlango. Gari la milango mitatu, hata likiwa fupi sana, lina milango mirefu kwa sababu abiria wa nyuma anapitia mbele, na mlango mrefu unataka nafasi pana zaidi ubavuni kabla mtu hajapata upenyo wa kutoka. Gari la milango mitano, ambalo milango yake ni mifupi, ni afadhali. Bora kuliko yote ni mlango wa kusukuma kama wa Hiace, ambao Toyota waliuweka kwenye magari madogo kama Raum na Porte. Huo hauchukui zaidi ya kiganja kimoja cha mkono nje ya ubavu wa gari.

Kama unataka gari ambalo ni jembamba kwelikweli, utaenda kwenye zile za injini ndogo za Kijapani, cc 660, ambazo upana wake hauvuki sentimita 148. Hapo unaokoa zaidi ya sentimita 20 ukilinganisha na IST. Lakini mabega ya watu wawili wa mbele yanakutana, na ukijaza watu huku kiyoyozi kikifanya kazi, injini inalemewa. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini na kurudi ni gari zuri. Kwa familia nisingelishauri.

Baada ya mlango ninaangalia kona. Makaratasi ya gari huandika nusu ya upana wa duara dogo kabisa ambalo gari linaweza kugeukia, na Passo ya kwanza ni mita 4.3. Zidisha mara mbili: ukikata usukani hadi mwisho, tairi la mbele la nje linachora duara la mita 8.6. Ongeza kidogo kwa ajili ya bampa, na utaona kwamba barabara ya mita 9 na ushee inakutosha kugeuza kwa mara moja. Gari lenye mita 5.2 linataka karibu mita 11. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utageuka mara moja pale Mtaa wa Aggrey, au utabaki umekatiza barabara unarudi nyuma na kwenda mbele, huku mikokoteni na bodaboda zikikupigia kelele pande zote.

Usitegemee makaratasi peke yake. Mfano ule ule wa gari unaweza kuwa na kona mbili tofauti kulingana na ukubwa wa tairi, kwa kuwa tairi pana hugusa mapema na kiwanda hulazimika kupunguza mkato wa usukani. Ukiwa yadi, omba uwanja kidogo, kata usukani hadi mwisho kulia, zunguka taratibu, kisha rudia kushoto. Unapata mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa duara kwa macho yako, na afya ya miguu ya mbele. Ukisikia ta-ta-ta-ta inayofuata mzunguko wa tairi, joinsi za shafti zimeisha. Ukisikia tairi linasugua plastiki ya ndani, mtu amefunga tairi ambazo si saizi yake.

Sasa starehe, ambayo ndiyo bei unayolipa. Watu hudhani gari likiwa refu kwa nje basi linatulia zaidi. Linganisha IST na Passo. IST ina urefu wa sentimita 385 na ushee, Passo ni 360. Lakini kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, IST ni sentimita 237 na Passo ni 244. Passo fupi ina nafasi ndefu zaidi kati ya matairi. Vitz ya 2005 ni 246, Raum ni 250, na Porte inafika 260. Kipimo hicho ndicho kinachogusa magoti ya abiria wa nyuma, na ndicho kinachofanya gari lisitikisike sana kichwa na mkia linapovuka tuta. Kwa hiyo ukilipia urefu wa nje, hakikisha umeulipia ule wa kati ya matairi. Urefu wa bampa haumpumzishi mtu.

Tairi nalo lina sehemu kubwa ya starehe, na hapa watu wengi wanajinyima bila kujua. IST hutoka na tairi la 185/65R15. Ile 65 ni asilimia ya upana, kwa hiyo ukuta wa tairi, yaani mpira kati ya rimu na barabara, ni milimita 120. Mtu akibadilisha na kufunga 195/50R15 ili gari lipendeze, ukuta unashuka hadi milimita 97 na kidogo. Gari limeshuka chini zaidi ya sentimita 2, na kila shimo sasa linapokelewa na shokapu na bushi badala ya mpira. Ukikuta gari la namna hiyo yadi, muulize muuzaji kama tairi za mwanzo zipo. Kama hazipo, weka gharama ya tairi kwenye bei unayopigia hesabu.

Kuhusu injini nitasema kwa ufupi. Passo ya lita 1.0 ina pistoni tatu, na ikiwa imesimama kwenye gia unauhisi mtetemo kwenye kiti. Ya lita 1.3 ina pistoni nne na imetulia zaidi. Kwa foleni ya Dar ijaribu saa saba mchana: kiyoyozi hadi mwisho, gia kwenye D, mguu kwenye breki, robo saa nzima. Kama hewa inaanza kuwa vuguvugu wakati gari limesimama na inapoa ukikanyaga mafuta, usiondoke hapo kabla fundi hajaangalia feni na kondensa. Kwenye foleni ya Uhuru ndivyo utakavyokaa.

Mimi niliendesha Passo kwa muda mrefu na niliipenda. Nilikuwa peke yangu na mzigo wa dukani, na nafasi yoyote ya mita 4.8 kati ya magari mawili ilinitosha, maana ili kuingia kinyumenyume bila kuhangaika nahesabu urefu wa gari na kuongeza kama mita 1.2. Kisha mama alikuja kuishi nasi. Magoti yake hayakunji vizuri, na kliniki anayohudhuria ina paking ya kubanana. Siku moja nilimshusha huku nimeushika mlango kwa mkono wote usigonge gari la jirani, naye ametoa mguu mmoja nje na hawezi kuuzungusha mwili autoe wa pili. Aliniambia, "Mwanangu, nirudishe ndani, ulitoe gari kwanza." Tangu siku hiyo nikawa namshusha katikati ya njia kabla ya kupaki, magari yakisubiri nyuma yetu.

Ndipo nikahamia Raum, hiyo ya pili. Ina urefu wa sentimita 404, kwa hiyo ile nafasi ya mita 4.8 sasa siingii, natafuta ya mita 5.2. Nimepoteza kona pia, na kwenye mitaa ya Kariakoo nalihisi hilo kila wiki. Lakini upande wa kushoto mlango wa mbele na ule wa nyuma wa kusukuma vikifunguliwa vyote, hakuna nguzo katikati, na mama anakaa kwanza kisha anaingiza miguu bila kujikunja. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, upande huo ndio wa ukingo wa barabara. Anashukia kwenye lami ya waenda kwa miguu, mbali na bodaboda.

Ukiamua kufuata njia hii, tumia muda wako mwingi kwenye milango hiyo. Fungua na ufunge kwa mkono mara kadhaa. Ukisikia inakwaruza au ikinyanyuka kidogo inapofika mwisho, rola zimelika. Pitisha kidole kwenye reli ya chini uone kama kuna mchanga uliogandana na grisi. Angalia upenyo kati ya mlango na bodi kuanzia juu hadi chini: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, mlango umening'inia au gari liligongwa ubavuni. Kwa sababu hakuna nguzo, mlango wa upande huo unajifunga juu na chini, kwa hiyo usukume kwa nje ukiwa umefungwa, kwanza karibu na paa kisha karibu na sakafu. Ukicheza sehemu moja, kufuli ya hapo haijashika. Mwishoni liendeshe kwenye barabara ya vumbi ukiwa umefunga vioo, na mtu akae nyuma asikilize mlango, kwa sababu wewe ulioko kwenye usukani hutausikia.