Kidonge cha presha si chaki

Swali: Habari mfamasia. Mama yangu alikuwa anameza nifedipini ya miligramu 20 asubuhi na jioni. Miguu ilipoanza kuvimba, daktari akapunguza iwe miligramu 10 asubuhi na jioni. Duka la dawa walikuwa na za 20 tu, wakaniambia nikate katikati kwa kisu. Kidonge hakina mstari, nusu moja inatoka kubwa, na leo ni siku ya nne. Mama anasema kichwa kinamgonga kila akimeza. Nikate vipi zitoke sawa?

Jibu: Ndugu yangu, weka kisu chini kwanza. Chukua boksi la dawa usome jina lote, si neno la kwanza tu. Nifedipini ya 20 inayomezwa mara mbili kwa siku karibu kila mara ni ile ya kuachia dawa polepole, na kwenye boksi utakuta neno Retard au herufi kama SR pembeni ya jina. Kama lipo, hata ungekuwa na mkono wa sonara, hiyo nusu bado si dozi aliyoandika daktari.

Watu wengi hudhani kidonge ni kama chaki: ukivunja kati, umepata nusu ya kitu kilekile. Kwa kidonge cha kawaida hilo ni kweli kiasi. Kidonge cha mama kimetengenezwa ili miligramu 20 zitoke kidogokidogo kwa muda wa saa nyingi. Baadhi ya watengenezaji huweka breki hiyo kwenye ganda la nje, wengine ndani ya kidonge chenyewe, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Ukikata, umefungua ukuta, na sehemu kubwa ya dawa inaweza kuingia kwenye damu mapema badala ya kugawanyika hadi jioni. Mishipa inapanuka kwa kishindo, uso unapata moto, moyo unaenda mbio, na kichwa kinagonga. Ndicho anachokueleza mama. Kisha dawa inaisha kabla ya zamu ya pili, na presha inapanda tena bila mtu kujua. Zaidi ya hayo, nifedipini huharibiwa na mwanga kwa urahisi, na nusu iliyobaki mezani haina tena ganda la kuikinga.

Kuna wakati kapsuli ya nifedipini ya haraka ilikuwa ikitobolewa na kuwekwa chini ya ulimi wa mgonjwa aliyepandwa na presha ghafla. Ilionekana dawa ya maana, mpaka ikabainika kuwa presha ilianguka mno kwa baadhi ya wagonjwa, wakapata kiharusi au shambulio la moyo. Utaratibu ule ukaachwa. Sisemi nusu ya mama ni sawa na kapsuli ile, ila ujue tunacheza na dawa gani.

Leo hii mpigie daktari. Zipo nifedipini za kuachia polepole zenye miligramu 10, na zikikosekana ana dawa nyingine za kuchagua. Usisimamishe dawa kwa uamuzi wako, na usirudishe 20 bila kumuuliza. Mwambie pia kwamba mama amemeza nusu kwa siku nne, maana bila habari hiyo vipimo vya presha vya siku hizo vitampotosha. Akisikia kizunguzungu akisimama, au maumivu ya kifua, usingoje simu: mpeleke hospitali.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wanaosema "kata tu" bila kugeuza boksi. Nimeshaona mmoja akikata vidonge kwa wembe juu ya kaunta, wembe uleule kwa dawa ya kila mteja, na unga wa dawa ya kwanza ukabaki kwenye ya pili. Boksi likiwa na SR, XR, ER, CR, MR, LA, XL au Retard, chukulia kwamba hakikatwi mpaka karatasi ya ndani iseme vinginevyo. Vighairi vipo. Kuna metoprololi ya kuachia polepole yenye mstari inayoruhusiwa kukatwa nusu mbili, kwa sababu ndani yake kuna chembe ndogo nyingi, kila moja na ganda lake. Lakini hata hiyo haitafunwi wala kusagwa. Herufi EC nazo zinamaanisha ganda la kuvumilia asidi ya tumbo, kama kwenye baadhi ya aspirini na diklofenaki. Ukilivunja, ulinzi wake umekwisha.

"Mbona hiki kina mstari?" Mstari ni dalili njema, si kibali. Kuna vidonge ambavyo karatasi yake inasema wazi kuwa mstari ni wa kurahisisha kumeza tu, si wa kugawa dozi. Mstari wa kweli hupimwa. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka vivunjwe vidonge 30, ichukuliwe nusu moja ya kila kimoja, zipimwe uzito: isizidi nusu moja iliyo nje ya asilimia 85 hadi 115 ya uzito wa wastani, na isiwepo hata moja nje ya 75 hadi 125.

Sasa chukua kidonge kinachokatika kihalali, tuseme amlodipini ya kawaida ya miligramu 10 yenye mstari wa kugawia, na dozi ni 5. Tumia kifaa cha kukatia vidonge, kile kiboksi cha plastiki chenye wembe kwenye mfuniko. Sukuma kidonge hadi kwenye kona kiguse pande zote mbili, mstari uwe chini ya wembe, kisha funga kwa mpigo mmoja. Ukibonyeza polepole kinapondeka. Ukivunja kwa mkono, mstari utazame juu na ncha zikunjwe kwenda chini ili mstari ufunguke. Mikono iwe mikavu. Ukianza kuona unga na vipande vitatu badala ya viwili, wembe umekufa.

Tuseme zimetoka nusu mbili, moja ina miligramu 5.75 na nyingine 4.25. Meza moja leo na ya pili kesho: kwa siku mbili mama wa mtu amepata 10 zilezile, na kwa amlodipini, inayokaa mwilini zaidi ya siku nzima, tofauti hiyo haisikiki. Ndiyo sababu unakata kimoja kwa wakati. Mzee mmoja aliniletea mfuko wa nusu za mwezi mzima alizokata kwa siku moja. Chini ya mfuko kulikuwa na unga wa kutosha kujaza kijiko cha chai, na huo unga ulikuwa dozi zake.

Hesabu hiyo ya kufidiana usiipeleke kwenye wafarini, digoksini au dawa za kifafa bila kumuuliza aliyekuandikia. Kwa hizo, umbali kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni mfupi. Methotreksati usiikate nyumbani kabisa, kwa sababu unga wake wenyewe ni sumu kwa anayeushika. Na finasteridi iliyovunjika isiguswe na mama mjamzito, hata kama ni ya mumewe na yeye anamsaidia tu kukata.