Kumwandikia mama karatasi ya kupiga skrinishoti kwenye tableti

*"Wakuu, mama yangu yuko Marangu, ana miaka 71, anatumia tableti ya Android. Kitu kikigoma ananipigia na kunisomea kilichoandikwa herufi moja moja, tunamaliza nusu saa. Nataka nimwandikie kwenye karatasi jinsi ya kupiga skrinishoti na kunitumia kwa WhatsApp. Mliofanikiwa mliandikaje?"*

Mkuu, mimi niko Arusha, mama yuko Kibosho, na karatasi ya kwanza niliyomwandikia ilishindwa kabisa. Niliandika: "Bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti." Sentensi moja, na mimi nikajiona nimemaliza kazi. Jioni akanipigia: "Mwanangu, hiki kitu kimezima." Kesho yake: "Leo kimeniuliza kama nataka kukizima." Wikiendi ile nikapanda gari hadi Moshi, nikakaa naye sebuleni, nikamtazama mikono badala ya kumweleza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno gumu kwenye sentensi yangu lilikuwa "pamoja".

Kwetu sisi "pamoja" ni rahisi kwa sababu tumezoea simu ndogo, mkono mmoja unaizunguka. Tableti ni pana, imevaa kava nene, na vitufe vyote viwili vya kwake viko ubavu mmoja, karibu karibu. Mama akishika kwa mkono mmoja, kidole cha pili hakipati nguvu. Basi anatangulia kimoja, kingine kinafuata. Akitangulia kitufe cha kuwashia, skrini inazima. Akitangulia sauti, unaona mstari wa sauti unatokea na sauti inashuka. Akivishika vyote kwa muda mrefu kwa kuogopa kukosea, inakuja menyu ya kuzima, na akiendelea kung'ang'ania, tableti inaweza kujiwasha upya.

Kwa hiyo cha kwanza, kabla ya karatasi, kilikuwa rangi ya kucha. Nilichukua nyekundu ya dada yangu nikaweka nukta mbili juu ya kava: moja kwenye kitufe cha kuwashia, moja kwenye nusu ya kitufe cha sauti inayopunguza. Kitufe cha sauti ni kimoja kirefu chenye ncha mbili, na kwa tableti ya mama ncha ya kupunguza ndiyo iliyo mbali na kitufe cha kuwashia. Ya mama yako ijaribu mwenyewe kwanza, maana kampuni hazipangi vitufe sawa. Baada ya nukta, maneno "kuwashia" na "sauti" hayakuhitajika tena. Karatasi inasema nukta nyekundu tu.

Cha pili ni namna ya kushika. Nilijaribu mezani, tableti ikawa inateleza. Mama mwenyewe ndiye aliyepata dawa: aliipakata kama ungo anapochagua mchele, ubavu mmoja tumboni, vitufe vikiangalia mbele, kisha akavivuta kuja kwake kwa vidole viwili vya shahada, mkono huu na huu. Tumbo linazuia, vidole vinavuta kwa nguvu sawa. Ikakubali mara ya pili tu.

Karatasi iliyofaa ilikuwa hivi, kwa herufi kubwa za kalamu ya wino mzito, upande mmoja tu wa karatasi:

> Mama, shikamoo.
>
> 1. Acha kile unachotaka nikione kibaki kwenye kioo. Usifunge.
> 2. Pakata tableti kama ungo. Kidole kimoja nukta hii, kingine nukta ile.
> 3. Vuta zote mbili kwa mpigo mmoja, uachie hapo hapo. Kama kubonyeza kengele ya mlango.
> 4. Kioo kikimetameta na picha ndogo ikatokea, tayari. Picha ndogo ikipotea usihangaike, imeshahifadhiwa.
> 5. Fungua WhatsApp. Mimi niko juu kabisa, mwenye picha ya shati la bluu.
> 6. Gusa alama ya klipu ya karatasi, pale chini unapoandikia. Gusa `Gallery`. Picha ya kwanza kabisa ndiyo yako, iguse.
> 7. Gusa mshale wa kijani.
> 8. Ukiona alama ya saa ndogo pembeni ya picha, bado haijatoka, huenda bando limekwisha. Ukiona tiki, imetoka.

Hatua ya 6 nilichora kwa mkono ile alama ya klipu, maana kumwambia mtu "klipu" bila kumwonyesha ni kumpa kitendawili.

Utaona sijamwambia atumie ile picha ndogo inayotokea chini pamoja na alama ya kushiriki. Ni njia fupi, mimi naitumia kila siku, lakini inakaa sekunde chache tu halafu inaondoka. Mzee anayetafuta miwani yake hataiwahi, na ikishaondoka anadhani amepoteza picha, anapiga nyingine. Njia ya klipu ni ndefu kidogo lakini haimkimbii.

Hatua ya 5 nayo ina kisa. Mwanzoni sikuwa nimejibandika juu kwenye orodha yake. Skrinishoti yake ya kwanza ikaenda kwenye kundi la ukoo, na ilikuwa ujumbe wa kliniki yake ya presha. Wajomba wakaanza kumpa pole mmoja mmoja. Bahati aliniambia mapema, nikamwelekeza akaushikilia ule ujumbe kwa kidole, akagusa alama ya kopo la taka, akachagua `Delete for everyone`. Hilo linakubali kwa siku mbili na ushee tangu kutuma, baada ya hapo halipo tena. Siku hiyo hiyo nikamwelekeza kwenye orodha yake ayashikilie mazungumzo yetu, aguse alama ya pini. Tangu hapo niko juu ya ukoo mzima.

Jambo jingine la kumwambia kwa mdomo, usiliandike maana linachanganya: kuna kurasa zinazokataa kupigwa. Programu nyingi za benki zimefungwa hivyo makusudi. Ama litatokea andiko kwamba hairuhusiwi, ama picha itatoka nyeusi tupu. Mama alidhani amekosea vidole, akajaribu mara nane. Mwambie ikitokea hivyo kwenye mambo ya benki asitafute njia nyingine ya kupiga, akupigie simu, na namba ya siri asimsomee mtu yeyote, hata wewe.

Akikwama, usimuulize "umebonyeza nini?" Hajui, na wewe hutaelewa. Muulize ameona nini. Akisema giza, kidole cha nukta ya kuwashia kilitangulia. Akisema mstari wa sauti, cha pili kilitangulia. Akisema kimemuuliza kuzima, hakuachia haraka, na hapo aguse pembeni pasipo na kitu menyu iondoke. Majibu haya matatu ndiyo niliyopata kwa miezi yote hiyo, sijapata la nne.

Skrinishoti yake ya kwanza iliyonifikia salama ilikuwa ya ujumbe aliosema "wa kizungu kirefu, hautaki kuondoka". Ulikuwa unamuomba tu asasishe programu. Lakini juu kwenye kona nikaona betri iko asilimia 6, jambo ambalo kwa simu asingenisomea kamwe. Nikamwambia achomeke chaja kwanza, ya kusasisha tutayafanya nikija.