Sikio lilinipa sapu: usianze na majina ya vifupa

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea utabibu aliniandikia: "Kaka, sikio nalikariri lakini halikai. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Sikio ndilo lililonipa sapu, mtihani wa kurudia baada ya kufeli.

Ulikuwa mtihani wa mdomo. Nyundo, fuawe, kikuku, vifupa vitatu vinavyopeleka mtetemo kutoka kiwambo cha sikio hadi koklea, chombo cha ndani kinachopokea sauti: nikavitaja kama naghani shairi. Mtahini akauliza: "Kwa nini kiwambo kisiigonge koklea moja kwa moja?" Nikajibu kwamba vifupa vinakuza sauti. "Ya nini kuikuza?" Kimya. Akamtazama mwenzake, wakatabasamu. Tabasamu lile bado linaniuma.

Sasa sikilizeni, maana wengi mnapita njia yangu. Koklea imejaa majimaji. Piga mbizi ziwani, halafu mwenzako aliye juu ya jiwe akuite: humsikii vizuri, kwa kuwa sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Vifupa vipo kwa ajili ya tatizo hilo. Sehemu ya kiwambo inayofanya kazi ni milimita za mraba 55 hivi, na unyayo wa kikuku kwenye dirisha la duaradufu, mlango wa koklea, ni 3.2 tu. Nguvu ya mahali papana ikibanwa mahali padogo, shinikizo hupanda mara 17. Mkono wa nyundo nao ni mrefu kuliko wa fuawe, kwa hiyo zidisha kwa 1.3: unapata kama 22.

Ukilielewa hilo, mgonjwa mwenye kikuku kilichoganda hakusumbui. Uma wa chuma unaotetema ukiuweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, anausikia kuliko ukiwa hewani mbele ya sikio, kwa sababu mfupa wa kichwa unafikisha mtetemo kwenye koklea bila kupitia vifupa. Acheni kukariri, jiulizeni kila kiungo kinatatua tatizo gani. Nimesema, na nitarudia.

Kwenye sapu nilijiandaa vilivyo, ila nusura nianguke tena kwenye seli za vinyweleo, zile za koklea zinazohisi mtetemo. Utando ulio chini yake unapotikisika, vinyweleo vinainama na milango midogo kwenye ncha zake inafunguka. Inaingia chembe gani? Ulimi ulikuwa umeshaanza "sodi...", kama kwenye neva, nikajizuia. Ni potasiamu. Kwingine mwilini, milango ya potasiamu ikifunguka, potasiamu hutoka kwenye seli. Hapa vinyweleo vimezama kwenye majimaji ya koklea yaitwayo endolimfu, yenye potasiamu tele na umeme wa milivolti chanya 80 hivi, wakati ndani ya seli ni hasi. Chembe ya potasiamu ni chanya, kwa hiyo umeme huo ndio unaoisukuma iingie.

Mtahini yuleyule, safari hii hakutabasamu. Aliandika kitu, akasema, "Aingie mwingine."